Karakana ya Jumamosi Dodoma: "changia unachoweza" inalipa kodi lini?

FundiNkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba tujadili hesabu, hasa wale mnaoendesha au mliowahi kuendesha mafunzo ya jamii bila kupanga bei.

Tuna karakana ya useremala hapa Nkuhungu. Katikati ya wiki tunafanya oda za samani, Jumamosi tunafungua kwa yeyote: mama wa nyumbani, mwanachuo, mtumishi, mstaafu. Jumamosi zenyewe ni za aina mbili, zinapokezana. Moja ni ya kigoda: kila mtu anapima, anakata, anaunga, anapiga msasa na kuondoka na kigoda chake. Nyingine ni ya ukarabati: mtu anakuja na kiti kilicholegea, droo iliyokwama au mlango wa kabati, na fundi anamwongoza mpaka akitengeneze mwenyewe. Bei hakuna. Jioni mtu anatumbukiza alichonacho kwenye sanduku au anatuma kwa lipa namba.

Kwa mwezi tunatumia hivi: kodi ya banda 120,000, LUKU 40,000, mlinzi 30,000, posho ya fundi anayefundisha 100,000 (yaani 25,000 kila Jumamosi), na 50,000 za kunoa misumeno na randa na kununua klempu zinazovunjika. Jumla 340,000. Hizo ni za Jumamosi tu, sehemu inayohusu oda nimeshaitoa. Ukigawanya kwa Jumamosi 4 unapata 85,000 kila moja.

Siku ya kigoda ya mwisho walikuja watu 16, sanduku na simu vikaleta 144,000. Siku ya ukarabati walikuja 14, tukapata 91,000. Sasa wenzangu kwenye kamati wanasema tupunguze ukarabati, kigoda kifanyike mara 3 kwa mwezi kwa sababu ndicho kinachojaza sanduku. Mimi nasita. Ninyi mnaonaje?

Mzawa_wa_Makole

Mkuu, hapo hakuna cha kusita. 144,000 na 91,000 zinajieleza. Watu wanachangia vizuri wakiondoka na kitu mkononi. Fanyeni vigoda.

MamaHesabu

FundiNkuhungu, kabla sijasema lolote nijibu kitu kimoja. Kigoda kimoja kinakula vifaa vya shilingi ngapi? Na mtu mmoja wa ukarabati anakula ngapi?

FundiNkuhungu

Kigoda ni kama 11,000 kwa mtu: mbao ya paini, skrubu, gundi, msasa, vanishi. Mbao peke yake inachukua zaidi ya nusu. Ukarabati ni kama 1,500, gundi na skrubu chache, kwa kuwa kitu chenyewe mtu kaja nacho.

MamaHesabu

Basi kamati yenu imeangalia uzito wa sanduku, haikuangalia kilichobaki ndani.

Siku ya kigoda watu 16 wametoa 144,000, yaani wastani wa 9,000 kila mmoja. Mbao na vifaa vimekula 16 mara 11,000, sawa na 176,000. Kabla hujamfikiria mwenye nyumba wala fundi, umeshapungukiwa 32,000. Weka juu yake zile 85,000 za kila Jumamosi, pengo la siku hiyo ni 117,000.

Siku ya ukarabati watu 14 wametoa 91,000, wastani wa 6,500. Vifaa 21,000. Zimebaki 70,000 za kusaidia kodi na fundi. Pengo ni 15,000.

Kwa hiyo mkienda Jumamosi 2 kwa 2 kama sasa, mwezi unawaacha na pengo la 264,000. Mkifuata ushauri wa kamati, vigoda 3 na ukarabati 1, linapanda hadi 366,000. Na tazama hatari yenyewe ilipo: kwenye kigoda kila mtu anayeongezeka analeta 9,000 na kuondoka na 11,000. Mkitangaza zaidi na wakaja wengi zaidi, mnaumia zaidi. Hakuna idadi ya watu itakayowaokoa hapo. Kwenye ukarabati kila anayeongezeka anaacha 5,000 safi, kwa hiyo huko tangazo lina faida.

Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuweka sanduku popote: mtu mmoja zaidi akiingia mlangoni, anapunguza pengo au analiongeza?

Mzawa_wa_Makole

Dada MamaHesabu, nimeiona, hesabu imenyooka. Lakini basi ni uthibitisho kwamba mambo ya "toa unachoweza" hayafai popote. Hata Marekani kampuni ya Panera ilijaribu. Walifungua mgahawa wa aina hiyo mwaka 2010 kule St. Louis, wakaongeza mingine kadhaa, na wa mwisho, wa Boston, ukafungwa 2019. Kama kampuni kubwa vile imeshindwa, karakana ya Nkuhungu itaweza wapi?

MamaHesabu

Kaka, mfano wako ni wa kweli lakini uko upande wa kigoda. Mgahawa unatoa sahani. Kila sahani ina mkate, nyama, gesi, na mtu akitoa nusu ya bei umempoteza papo hapo. Darasa ambalo meza zipo, fundi ameshalipwa na taa zimeshawashwa ni jambo jingine. Nafasi iliyokaa wazi Jumamosi haikupi chochote, hata aliyetoa 2,000 amekusaidia 500 baada ya vifaa. Usiviweke kapu moja.

Kaka_wa_UDOM

Wakuu, niongezee kidogo. Kuna jaribio kwenye jarida la Science la mwaka 2010, la Ayelet Gneezy na wenzake. Walikuwa kwenye bustani ya michezo Marekani, wageni zaidi ya laki moja, wanauziwa picha walizopigwa wakiwa kwenye mchezo. Bei ya kawaida ilikuwa dola 12.95. Walipoambiwa walipe wanachotaka, walioichukua waliongezeka mara nyingi sana, lakini wastani wa malipo ukawa chini kidogo ya dola 1. Walipoambiwa walipe wanachotaka na nusu inakwenda kwa hisani, wastani ukapanda hadi dola 5 na kitu. Waliochukua walipungua ukilinganisha na walipotangaziwa uhuru mtupu, lakini bado walikuwa wengi kuliko kwenye bei ya kawaida.

Ninachokiona kwenye hali yenu ni hiki. Sanduku lenu limeandikwa nini? Kama limeandikwa "Changia unachoweza" tu, hiyo ni picha ya dola 1. Mtu hajui pesa yake inakwenda wapi.

FundiNkuhungu

Kwa kweli limeandikwa hivyo hivyo, "Changia unachoweza. Asante." Hakuna kingine.

BintiKondoa

Nimesoma kimya, sasa naomba niseme kama mmoja wa wale wasiokuja. Niko Dodoma mjini sasa, napanga Chang'ombe. Kuna darasa la kushona ambalo pia halina bei, jirani yangu anaenda kila mara na ananiita. Siendi. Kila nikijiandaa najiuliza: nikitoa 2,000 wataniona vipi? Nikitoa 10,000 nitakula nini kesho? Bei ikiwa 5,000 ningeshajua kama ninayo au sina, na ningekaa kwa amani. Nyie mnahesabu walioingia na walichotoa. Sisi tuliobaki nyumbani hamtuhesabu kwa sababu hamtuoni.

Kaka_wa_UDOM

Dada, asante sana kwa hili. Ndicho kilichoonekana hata kwenye lile jaribio: hisani ilipoongezwa, baadhi ya watu waliacha picha kabisa. Tafsiri ya watafiti ni kwamba mtu anaona ni afadhali asichukue kuliko atoe kidogo na ajione mnyonge.

MchumiMtaa

Wadau, mbona mnahangaika? Nendeni halmashauri, kuna mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Undeni kikundi, sajilini, chukueni mkopo, nunueni mashine. Shida ya mtaji itakuwa imekwisha.

FundiNkuhungu

Ndugu, nashukuru, lakini hatuna shida ya mtaji. Mashine zipo. Tunachotafuta ni Jumamosi ijilipie yenyewe. Mkopo kwenye shughuli inayopungukiwa kila wiki ni kuongeza rejesho juu ya pengo.

MamaSinginda_Ushonaji

Habari zenu wote. Mimi niko Singida, naendesha darasa la kushona kwenye ukumbi wa kanisa. Ukumbi hatulipii, hiyo niseme wazi kwa sababu inabadilisha kila kitu. Natumia umeme, uzi, sindano na nauli ya mwalimu.

Kwangu vitambaa nilivitoa kwenye mchango tangu siku ya kwanza. Kitambaa mtu anakuja nacho au ananunua kwangu kwa bei ya dukani. Sikuwahi kusikia mtu analalamika, kwa sababu kila mtu anajua kitambaa kinanunuliwa. Anachochangia kwa hiari ni kufundishwa.

Sanduku niliacha, natumia bahasha. Kila mtu anapewa bahasha asubuhi anapoandika jina, anairudisha jioni imefungwa, haina jina. Anayetoa kidogo haonwi na mwenzake, na anayetoa kingi haonekani anajionyesha. Ila siwezi kusema bahasha ndiyo iliyoongeza mapato, kwa kuwa kipindi kilekile nilianza pia kusimama saa sita na kueleza siku imegharimu kiasi gani. Nadhani maelezo ndiyo yaliyofanya kazi zaidi. Watu wetu wamezoea michango. Kwenye harusi mtu anajua bajeti ya kamati, anajua ukumbi ni kiasi gani, ndiyo maana anaahidi. Bila bajeti mezani anatoa chenji iliyobaki mfukoni.

MamaHesabu

Mama Singida, shikamoo. Umesema jambo ambalo FundiNkuhungu alifanye wiki hii hii: mbao zisiwe sehemu ya mchango. 11,000 ilipwe kabla, tuseme mwisho Alhamisi, ili Ijumaa mnunue mbao za waliolipa tu. Hilo pia linawatibu wale wanaojiandikisha na wasitokee, mbao ikabaki.

Tuseme watu wapungue kutoka 16 hadi 12, na kila mmoja juu ya mbao achangie 4,000 tu. Hiyo ni 48,000, na hakuna vifaa vya kutoa. Pengo la siku ya kigoda linashuka kutoka 117,000 hadi 37,000, tena kwa watu wachache. Sijasema watapungua kiasi hicho, nimeweka kadirio baya makusudi.

FundiNkuhungu, una kumbukumbu ya nani alitoa ngapi siku ya ukarabati? Wastani peke yake unaficha mambo.

FundiNkuhungu

Majina hapana, lakini viwango tunaviandika tukifungua sanduku na simu. Wawili walitoa 20,000 kila mmoja. Mmoja 10,000. Watano 5,000. Wanne 3,000. Wawili 2,000.

MamaHesabu

Sawa, jumla inatimia 91,000. Wastani ni 6,500 lakini hakuna hata mmoja aliyetoa kiasi hicho. Mtu wa katikati ametoa 5,000. Watu wawili wametoa 40,000, karibu nusu ya sanduku zima. Wale wawili wasipokuja, waliobaki 12 wanaleta 51,000, ukitoa vifaa 18,000 unabaki na 33,000. Pengo linaruka kutoka 15,000 hadi 52,000 kwa kukosekana watu wawili.

Wanatokea wapi hao? Ukijua hilo utajua kama Jumamosi yako ina msingi au ilibahatika.

FundiNkuhungu

Nadhani ni watumishi. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa, mpaka Juni mwishoni tunaona sura mpya na noti kubwa kubwa. Bunge likiahirishwa wanapungua. Januari ndiyo mbaya zaidi, ada na sare za shule, wanakuja walewale lakini mkono unakuwa mzito.

MamaHesabu

Basi usipime Jumamosi moja. Chukua Aprili hadi Juni ufanye ni msimu wa mavuno, ziada yake isiguswe, iingoje Januari. Ukipima mwezi wa Mei peke yake utasema mfumo unalipa, ukipima Januari peke yake utaufunga.

Na kuna ukuta mwingine. Kwenye ukarabati kila mtu anaacha 5,000 safi kwa wastani. 85,000 ugawanye kwa 5,000 ni watu 17. Karakana inabeba wangapi?

FundiNkuhungu

Meza za kazi ziko 4, watu 4 kila moja. 16. Zaidi ya hapo sikubali, kuna misumeno pale.

MamaHesabu

Ndiyo hapo. Unahitaji 17 na nafasi ni 16. Hata ujaze kila Jumamosi, kwa mchango wa sasa hufiki. Unafika kama kila mtu ataacha kama 5,300 badala ya 5,000, na banda lijae. Likijaa nusu, hufiki kabisa. Kwa hiyo kazi yenu ni kupandisha kidogo kile kinachotolewa na wale wa katikati. Kuongeza matangazo peke yake hakutoshi.

Mzawa_wa_Makole

Sasa si waandike bei elekezi? Gharama ya mtu siku wakija 14 ni kama 6,000, ongeza vifaa 1,500, inakuwa 7,500. Waandike ubaoni: "Nafasi yako leo imegharimu 7,500." BintiKondoa naye atakuwa amejua. Mambo yamekwisha.

MamaSinginda_Ushonaji

Mdogo wangu, hapo uwe mwangalifu. Nilipoandika kiwango kimoja, waliokuwa wanatoa kidogo walipanda kweli, lakini waliokuwa wanatoa kingi walishuka wakakaa palepale nilipoandika. Walidhani wametimiza.

MamaHesabu

Tuliweke kwenye namba za FundiNkuhungu. Chukulia ubao unawasukuma wale wanne wa 3,000 na wawili wa 2,000 wafike 5,000. Umepata 8,000 na 6,000, jumla 14,000. Lakini wale wawili wa 20,000 wakiona 7,500 wakatoa 10,000 na kujiona wamezidisha, umepoteza 20,000. Umetoka chini kwa 6,000, ingawa watu wengi wametoa zaidi.

Ndiyo maana napendelea viwango 3 kuliko kimoja, na kila kimoja kiwe na maana yake. Mfano 4,000, imelipa vifaa na sehemu ya fundi. 7,500, imelipa nafasi yako yote. 15,000, imelipa yako na ya mtu mwingine. Na chini yake: kama leo huna, karibu hivyohivyo. Yule wa 20,000 anahitaji kuona kwamba pesa yake ya ziada ina mtu inayemkalisha. Ni lile la hisani alilolieleza Kaka_wa_UDOM.

BintiKondoa

Hilo la viwango 3 ningekuja. 4,000 naijua na siioni kama aibu, kwa sababu imeandikwa inalipa kitu. Ila naomba hiyo sentensi ya mwisho isisomwe kwa sauti mbele ya watu huku wanatuangalia sisi wa nyuma. Iandikwe tu.

Kaka_wa_UDOM

Mimi bado nina wasiwasi na kiwango cha chini. Ukiandika 4,000 kuwa kinakubalika, wale watano wa 5,000 si watashuka? Kila mmoja akipunguza 1,000 hiyo ni 5,000 imeondoka. Ningeanza na 5,000.

MamaHesabu

Inawezekana, na sina jibu la uhakika. Wajaribu 4,000 Jumamosi kadhaa za ukarabati, kisha 5,000 Jumamosi kadhaa, ndani ya msimu uleule, bila kubadilisha kingine chochote. Waangalie mtu wa katikati ametoa nini na wangapi wamekuja. Wakibadilisha bahasha, ubao na siku kwa pamoja, yatawakuta ya Mama Singida, mapato yanapanda na hujui sababu.

FundiNkuhungu

Nimeyaandika yote. Kamati inakaa Jumanne, nitawapelekea hivi: mbao 11,000 mwisho Alhamisi, mchango wa kufundishwa ubaki huru, viwango 3 ubaoni, bahasha badala ya sanduku. Ukarabati haupunguzwi.

Ila hata kwa kadirio la MamaHesabu, siku mbili za kigoda zinabaki na pengo la 37,000 kila moja na mbili za ukarabati 15,000 kila moja. 104,000 kwa mwezi. Hadi leo pengo limekuwa likizibwa na faida ya oda, na oda za mwezi huu ni chache. Fundi mmoja wa Ipagala ameniuliza kama anaweza kukodi meza moja siku za kazi kwa 5,000. Akikaa siku 21 analeta 105,000, pengo limefunikwa.

Mzawa_wa_Makole

Mkuu, hapo basi anayelipa ni fundi wa Ipagala. Huwezi kusema mchango umelipa.

MamaSinginda_Ushonaji

Na mimi ningesema hivyohivyo kuhusu ukumbi wa kanisa. Ningelipa kodi kama ya Nkuhungu, bahasha zangu zisingetosha. Sioni ubaya, mradi kiandikwe kwenye daftari kwamba kodi inalipwa na nani, asije mtu mwakani akadhani ni bahasha.

FundiNkuhungu

Mama, nakubali, nitaifungulia safu yake kwenye daftari. Swali langu lililobaki ni meza yenyewe. Akiichukua siku za kazi, vitu vyake vitabaki juu yake mpaka Jumamosi, na mimi nazihitaji zote 4 ili nibebe watu 16. Aliyewahi kukodisha meza namna hii, mlipatana vipi kuhusu kuisafisha Ijumaa jioni?